Wimbo wa msiba ambao mfiwa anaweza kuuitikia

*Mogitu, wilayani Hanang, kwaya za mazishi hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi ya mfiwa mwenyewe ndani ya wimbo.*

Jumapili ya 3 Desemba 2023 ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kwa makanisa ya Hanang, kama kwingineko, ndiyo siku ya kuanza nyimbo za kumngoja Bwana. Asubuhi hiyo tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, yakapita Katesh, Gendabi na Jorodom. Waliokufa walizidi 80. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza kuaga miili Katesh, na kwa siku zilizofuata misiba ilisambaa katika kata za jirani, kila ukoo ukizika wa kwake. Wiki ile iliweka wazi swali ambalo watu wa Mogitu hukutana nalo hata katika msiba wa mtu mmoja aliyekufa kwa uzee: watu wanapokusanyika kuzika, nani anaimba, anaimba nini, na wimbo huo unamfanyia nini aliyefiwa?

Msiba wa kawaida wa kijijini unafahamika. Turubai limefungwa uani, wanawake wako mkekani karibu na mama mwenye msiba, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi na mabenchi, jiko limewashwa nyuma ya nyumba. Kwaya imesimama pembeni ya jeneza, mara nyingi na kinanda na spika zinazoendeshwa kwa jenereta. Inaanza wimbo wenye beti tano au sita ndefu, sauti nne zimepangwa vizuri, besi inajibu na soprano inapanda juu. Wanakwaya wanaujua wimbo kwa moyo. Waombolezaji wanausikiliza. Kwaya ikipumzika, spika zinaendelea na nyimbo zilizorekodiwa mjini, kwa sauti inayozidi hata ya mhubiri. Watu mia mbili au mia tatu wapo pale, na wanaoimba hawafiki ishirini.

Hoja ya makala haya ni kwamba wimbo wa msiba hufariji kwa sehemu ile ambayo mfiwa anaweza kushiriki, na sehemu hiyo ni kiitikio. Beti zinaweza kuwa za kwaya au za mtu mmoja. Kiitikio kinapaswa kuwa cha wote, kifupi, cha sauti za chini, chenye matumaini, na chepesi kiasi kwamba aliyezidiwa na machozi anaweza kukivumisha mdomo ukiwa umefungwa. Wimbo unaokosa hilo unaweza kuwa mzuri sana, lakini unabaki kuwa onyesho mbele ya mtu anayelia.

Koo la mtu anayelia

Tuanze na mwili, kwa sababu huko ndiko nyimbo nyingi za msiba zinakoshindwa. Mtu akiwa katika huzuni kali, mfumo wa neva huufanya mwili utafute hewa zaidi, na mlango wa sauti kooni huachwa wazi kwa nguvu. Wakati huohuo anajaribu kumeza mate na kuzuia kilio, jambo linalotaka mlango huohuo ufungwe. Mvutano huo ndio anaouhisi kama donge kooni. Pumzi nayo hukatika vipande vifupi. Mtu wa namna hiyo hawezi kushika mstari wa maneno kumi na mawili kwa pumzi moja, hawezi kupanda kwenye noti za juu, na hawezi kukumbuka ubeti wa nne. Asipoimba, si kwamba hataki. Ameombwa kitu ambacho koo lake haliwezi kutoa saa hiyo.

Kuvumisha ni jambo jingine. Mdomo ukifungwa, hewa hutoka polepole puani, na sauti haihitaji kutengeneza konsonanti wala kupanua taya. Hakuna neno la kukosea. Pumzi inalazimika kurefuka kidogo, na kurefuka huko peke yake kunautuliza mwili. Ndiyo maana mama anayebembeleza mtoto hafungui kinywa sana, na ndiyo maana watu wengi wakiwa na majonzi hujikuta wakivuma bila kukusudia. Mtunzi anayejua hili atapima kiitikio chake kwa kigezo rahisi: ukiondoa maneno yote, je, tuni inabaki na inatambulika? Ikiwa inabaki, mfiwa ana mahali pa kuingilia. Ikiwa uzuri wote umo katika maneno au katika kupishana kwa sauti nne, amefungiwa nje.

“Asipoimba, si kwamba hataki. Ameombwa kitu ambacho koo lake haliwezi kutoa saa hiyo.”

Tatizo la pili liko katika lugha. Sehemu kubwa ya nyimbo za mazishi zinazoimbwa Tanzania zilikuja na tuni za Ulaya na Marekani, maneno yakatafsiriwa baadaye. Tuni hizo zilitengenezwa kwa lugha ambazo mstari wake mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo, kwa hiyo noti ya mwisho ni ndefu na nzito. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Matokeo yake, neno kama “mbinguni” likiwekwa mwishoni mwa mstari wa namna hiyo, uzito unaangukia “ni” badala ya “ngu”, na msikilizaji anasikia neno lake likiwa limepinda. Kwa Jumapili ya kawaida watu wameshazoea na hawajali. Msibani, ambako akili imechoka na masikio yanashika kidogo tu, neno lililopinda ni neno lililopotea. Mtunzi anayeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo hana sababu ya kurithi mzigo huu. Anaweza kuipa noti ndefu silabi yenye mkazo na kuiacha silabi ya mwisho ishuke kwa wepesi, kama tunavyosema kila siku.

Kiitikio hakikuletwa na kwaya

Wako watakaosema kwamba mambo ya kuitikia kwa pamoja ni mtindo wa kisasa wa vikundi vya uamsho. Historia ya eneo hili inakataa. Wairaqw, ambao ndio wengi katika nyanda za Mbulu na wako kwa wingi Hanang pia, wana sala ya kishairi iitwayo *slufay*. Mzee mmoja huongoza, akitaja mstari baada ya mstari: ubaya uondoke, watoto wakue, ng'ombe wazae, mvua ije. Baada ya kila mstari kundi zima hujibu kwa sauti fupi ya kukubali, na kadiri sala inavyoendelea majibu hayo hushika mdundo na kuwabeba wote. Anayejibu hahitaji kuwa fundi wa maneno. Ufundi wote ni wa mzee. Kundi linatoa sauti moja, na bila sauti hiyo sala haijakamilika. Nguvu yake inatokana na sauti ya pamoja kama inavyotokana na maneno.

Hilo lina maana ya pekee pale penye kifo. Katika mila za Wairaqw, vifo fulani viliifanya nyumba ya wafiwa ihesabiwe kuwa na unajisi, na watu wake walitengwa na majirani kwa muda mrefu, hali iitwayo *metimani*. Makanisa yamelipunguza jambo hili kwa kiasi kikubwa, lakini woga wake haujaisha kabisa, na hata asiyeuamini anajua jinsi aliyefiwa anavyoweza kujikuta peke yake watu wakishatawanyika. Wimbo ambao mfiwa na jirani wanaitikia kwa pumzi moja unafanya kinyume cha kutenga. Unasema mbele ya watu wote kwamba sauti ya nyumba hii ingali sauti yetu. Kwaya ikiimba peke yake, hata kwa ufundi wa hali ya juu, tamko hilo halitolewi.

Majirani wa Wairaqw hapo Hanang, Wadatoga, na hasa Wabarabaig, wanatoa ushahidi wa upande mwingine. Mzee wao mwenye heshima kubwa hufanyiwa *bung'eda*, mazishi yanayoendelea kwa miezi kadhaa, hadi tisa hivi, huku kaburi likijengwa taratibu kuwa kilima kirefu kuliko mtu. Siku ya mwisho hukusanya watu wengi kutoka mbali, kuna nyama na pombe ya asali, na kuna nyimbo. Mtu aliyezoea kudhani kwamba heshima kwa marehemu hupimwa kwa uzito wa uso wa waombolezaji atashangaa. Kwa Wabarabaig, heshima imo katika muda uliotolewa, kazi iliyofanywa na umati ulioitika. Huzuni ya siku za mwanzo haikukanwa, ila ilipewa njia ya kupitia hadi kufika kwenye shangwe.

Kanisa nalo lilibadilika

Pingamizi zito zaidi hutoka kanisani. Mazishi, wanasema baadhi ya wachungaji na makatekista, ndiyo nafasi ambapo hata asiyeingia kanisani husikia Neno. Basi wimbo umwonye: parapanda, hukumu, moto, mlango utakaofungwa. Wimbo wa kubembeleza utamwacha mwenye dhambi amelala. Hoja hii ina mantiki yake na inatoka kwa watu wenye nia njema. Kwa karne nyingi Kanisa Katoliki lenyewe liliimba katika Misa ya wafu utenzi wa Kilatini wa *Dies irae*, unaohusu siku ya ghadhabu, na waamini wa kwanza wa Mbulu, jimbo lililosimikwa mwaka 1953, walipokea mazishi yenye sura hiyo.

Lakini tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake kuhusu liturujia, na humo ukaagiza kwamba ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi sura ya Pasaka ya kifo cha Mkristo, na kwamba ilingane vizuri zaidi na hali na desturi za kila mahali. Kanuni mpya ya mazishi ilipotoka mwaka 1969, utenzi ule wa ghadhabu uliondolewa katika Misa ya mazishi. Hukumu haikufutwa katika imani. Kilichoamuliwa ni kwamba pale penye jeneza, neno la kwanza kwa aliyefiwa liwe ufufuko. Paulo alikuwa amekwisha kuwaandikia Wathesalonike kwa mwelekeo huohuo: hakuwakataza kuhuzunika, aliwakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini, na akaimalizia sehemu hiyo ya barua kwa kuwaagiza wafarijiane. Mhubiri anayo mahubiri yake, dakika ishirini au arobaini, na humo anaweza kuonya anavyotaka. Kulazimisha wimbo nao uonye ni kumnyang'anya mjane dakika chache alizobakiwa nazo.

Upande wa Walutheri kuna mfano ambao kila mwalimu wa kwaya angefaa kuuchunguza. Katika miaka ya 1960 Bernard Kyamanywa, mwanafunzi wa theolojia aliyekuwa akisoma Makumira, aliandika “Mfurahini, Haleluya” akitumia tuni ya Kihaya. Ni wimbo wa Pasaka. Mmisionari Howard Olson, aliyekusanya na kusambaza nyimbo nyingi zenye tuni za Tanzania, aliutafsiri, na leo unapatikana katika vitabu vya nyimbo vya makanisa ya Ulaya na Amerika. Umbo lake ni hilihili linalozungumzwa hapa: beti zinasimulia, kiitikio kinarudi kwa tuni ambayo mgeni anaishika mara ya pili. Wimbo uliotoka kando ya ziwa Viktoria umeweza kuimbwa na watu wasiojua neno la Kiswahili kwa sababu mtunzi hakuogopa urahisi.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue wimbo mmoja mdogo, uliotungwa kwa ajili ya makala haya, na kuupima. Mizani ni nane kwa nane, kipimo ambacho sikio la Kiswahili limekizoea katika tenzi na mashairi.

*Mzigo uliobeba, leo hii umetua,*
*Miguu iliyochoka, kivulini yatulia.*

*Sisi tungali njiani, machozi yanadondoka,*
*Ukungu ukifunika, mlima haujatoka.*

*Jirani tushikaneni, moto wa jiko uwake,*
*Watoto tuwalisheni, mama asikae pweke.*

*Kiitikio:*
*Kutakucha, kutakucha,*
*na tutaonana.*

Beti ni tatu tu, na kila moja ina kazi yake. Wa kwanza unasema na marehemu, na haumsifu kwa sifa ambazo waliomjua watazitilia shaka. Unataja mzigo na uchovu, mambo ambayo kila aliyeishi Mogitu anayo. Wa pili unageukia wanaoimba na kukiri machozi waziwazi, maana wepesi usiokiri machozi ni uongo, na waombolezaji huutambua mara moja. Wa tatu unawapa majirani la kufanya: jiko, watoto, mtu asiachwe peke yake. Faraja ya msiba wa kijijini hukaa zaidi katika ubeti huo kuliko katika maneno makubwa ya mbinguni, na naona ndio unaopaswa kuimbwa mwisho, jeneza likiwa limekwisha kushushwa na watu wakijiandaa kurudi nyumbani. Neno “mama” limewekwa pale kwa makusudi. Lina silabi mbili, kwa hiyo kiongozi anaweza kulibadili kuwa baba, bibi, babu, dada au kaka kulingana na aliyebaki, na mizani isivunjike.

Sasa kiitikio. Kwa nota za kawaida za kwaya, “kutakucha” ya kwanza ni do, re, mi, re. Ya pili inapanda kidogo: mi, fa, so, mi. “Na tutaonana” inashuka hatua kwa hatua: so, so, fa, mi, re, do. Noti ya chini kabisa ni do na ya juu ni so, yaani hatua tano tu, ambazo mzee wa miaka themanini na mtoto wa darasa la pili wote wanazo. Silabi “ku” katika “kutakucha”, ile yenye mkazo, inapewa mapigo mawili, na “cha” inaachwa iteremke. Kabla ya “na tutaonana” kuna mapumziko ya mapigo mawili ya kuvuta pumzi, au ya kufuta machozi. Kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, hakuna kipande kinachozidi sekunde tano, na kiitikio chote kinachukua kama sekunde 16. Ondoa maneno, vumisha: kupanda kwa hatua mbili, kupanda tena zaidi, kisha kushuka hadi nyumbani. Tuni inabaki.

“Wepesi usiokiri machozi ni uongo, na waombolezaji huutambua mara moja.”

Namna ya kukiingiza nayo ni muhimu. Kwaya ikianza na ubeti wa kwanza, waombolezaji watakaa kimya kama kawaida, na kimya hicho hakivunjiki kirahisi kikishazoeleka. Ni bora kuanza na kiitikio, sauti moja bila kinanda, kisha kukirudia kwa mvumo wa wote, ndipo ubeti uingie. Ubeti wa pili unaweza kuimbwa na mtu mmoja huku kwaya ikivumisha chini yake. Dalili kwamba wimbo umefika inaonekana mapema: wanawake walio mkekani wanaanza kuyumba kwa mwendo mmoja, na mvumo unasikika kutoka upande ambao kwaya haipo. Dalili kwamba umeshindwa nayo iko wazi. Watu wanaigeukia kwaya na kuitazama.

Wimbo huu pia una mipaka yake, na mfano wenyewe unaionyesha. Mstari wa mlima usiotoka ukungu ukiufunika unafaa Mogitu kwa mtu aliyekufa kwa maradhi au uzee. Kwa familia ya Jorodom au Gendabi iliyopoteza watu katika tope la 2023, mlima ule si picha ya uthabiti, na kuuimba mbele yao kungekuwa kuwatonesha. Hapo ubeti wa pili uachwe au ubadilishwe. Mtoto mchanga naye hajabeba mzigo wala hana miguu iliyochoka, kwa hiyo ubeti wa kwanza haumfai, na mtunzi mwenye busara ataandaa mwingine. Na kuna majirani Waislamu ambao mazishi yao hayana wimbo kabisa. Kwao sala ya jeneza na dua ndivyo vinavyotosha, na jirani mwema hukaa kimya pamoja nao.

Wanakwaya watafanya nini?

Walimu wa kwaya wana malalamiko yao, nayo ni ya haki. Kwaya hufanya mazoezi jioni baada ya kazi za shamba, hujifunza nota kwa shida, hushona sare kwa michango, kisha inaambiwa iimbe noti tano ambazo hata mtoto anaziweza. Familia nyingine huialika kwaya kubwa hasa ili msiba uonekane na uzito, na kwaya ikiimba kitu chepesi itasemwa kwamba haikujiandaa. Ushindani kati ya kwaya na kwaya, na kati ya dhehebu na dhehebu, upo, na msiba umekuwa moja ya mahali unapoonekana.

Lakini ufundi hauondoki kwa sababu kiitikio ni rahisi. Unahamia mahali pengine. Kuvumisha kwa sauti nne chini ya mtu mmoja anayeimba ubeti, bila kumfunika na bila kuteleza kwa tuni, ni kazi ngumu kuliko kuimba kwa nguvu pamoja na kinanda kilichofunguliwa hadi mwisho. Kujua lini kurudia kiitikio kwa mara ya nne kwa kuwa mama amenyanyuka kulisogelea jeneza, na lini kukinyamazisha, kunahitaji mwalimu anayewatazama wafiwa kuliko anavyoitazama kwaya yake. Beti zinaweza kubaki na mapambo yote ambayo kwaya inayapenda. Kinachoombwa ni sekunde 16 tu kwa waliokuja kulia.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili husemwa na wazee zaidi ya wachungaji: kilio kisifupishwe. Mtu akizuiwa kulia siku ya kuzika, atalia vibaya baadaye. Ni kweli, na ndiyo sababu mvumo unafaa kuliko wimbo wa shangwe unaomlazimisha mfiwa apige makofi. Mvumo unaweza kwenda pamoja na kilio. Mtu anaweza kulia katikati yake, akauacha, akaurudia pale wenzake walipofika, bila kupotea na bila kuwapoteza. Nyimbo za kurekodiwa zinazotoka kwenye spika haziwezi kumngoja. Zinakwenda kwa mwendo wao uleule, na mfiwa akizidiwa, spika haijui.

Kwa hiyo ombi kwa walimu wa kwaya wa Mogitu na kata za jirani, Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste, ni dogo na linatekelezeka kabla ya msiba ujao. Chagueni kiitikio kimoja, kiwe cha kwenu au cha pamoja, na mkiimbe mbele ya watu ambao hawajawahi kuwa wanakwaya: mama lishe, vijana wa bodaboda, wazee waliotoka mnadani. Msiwafundishe. Kirudieni mara mbili tu. Mara ya tatu nyamazeni ninyi, msikilize kama wao wanaendelea. Wasipoendelea, rudini mkakipunguze.